Kuandika muswada wa video ya kufunga mwaka kwa chaneli ndogo

Nina chaneli ya YouTube inayohusu kilimo cha zabibu hapa Dodoma, nami huanza muswada wa video ya mwaka kwa namba, kwa sababu nikitangulia kuandika maelezo najikuta natafuta namba za kuyapamba.

Hatua ya kwanza: toa takwimu. Fungua Analytics ndani ya YouTube Studio, kisha weka mwenyewe tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba, maana kipengele cha siku 365 huhesabu kurudi nyuma kuanzia siku unayoangalia. Mimi husubiri hadi tarehe 3 au 4 Januari, kwa kuwa takwimu huchelewa kidogo kukamilika.

Hatua ya pili: tenganisha video fupi na ndefu. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mwaka jana chaneli yangu ilitazamwa mara 92,000, ila 81,000 kati ya hizo zilikuwa Shorts. Ili kupata mgao wa matangazo, mtu anahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za utazamaji ndani ya miezi 12, na saa za Shorts zinazotazamwa kwenye mkondo wake hazimo katika hesabu hiyo. (Njia ya Shorts inadai mara milioni 10 ndani ya siku 90, mimi siigusi.) Video zangu ndefu zilinipa saa 660, yaani 55 kwa mwezi, wakati lengo linadai takriban 333. Kwa hiyo niliandika hivi:

"Mtaona 92,000 na kudhani mambo ni mazuri. Kwa hesabu ya malipo nina saa 660, na wafuatiliaji 640. Sijalipwa hata shilingi."

Sentensi hiyo niliiweka ndani ya dakika ya kwanza. Ukiiacha mwishoni, mtazamaji atahisi ulikuwa unamficha.

Hatua ya tatu: funga kila funzo na ushahidi wake. Usiandike kwamba "nimejifunza umuhimu wa sauti." Video yangu ya kupogoa mizabibu, niliyoirekodi Hombolo, ilipoteza zaidi ya nusu ya watazamaji kabla ya sekunde ya 40, na nilipoisikiliza upya kwa spika za masikioni nilisikia upepo wa kiangazi umefunika maneno yangu yote. Katika muswada nilielekeza sekunde 5 za sauti ile mbovu zichezwe kama zilivyo, ndipo nieleze kwamba sasa navisha kipaza sauti kifuniko cha manyoya na kurekodi alfajiri.

Hatua ya nne: andika mipango iliyo mikononi mwako. Nilifuta "kufikisha wafuatiliaji 1,000", kwani uamuzi huo ni wao. Badala yake niliandika video 2 ndefu kila mwezi, zikifuata shamba moja tangu kupogoa hadi mavuno, na nikaongeza kwamba hata saa zikiongezeka mara tatu, nitafika 1,980 tu.