Viza imetolewa na nani? Soma herufi tano za kwanza

Ndugu zangu mnaosafirisha kahawa kutoka Mbozi, mkienda kwenye maonyesho Ulaya msiamini maandishi ya juu ya stika kutambua nchi iliyotoa viza. "Schengen" haitaji nchi, na "Dar es Salaam" ni mji tu ilikotolewa. Angalia chini kabisa, ile mistari miwili ya herufi zilizobanana. Mstari wa kwanza unaweza kuanza hivi:

```
VCD<<
```

V ni viza. Herufi ya pili ni aina: kwa Schengen, C ni ya muda mfupi, hadi siku 90 ndani ya siku 180, na D ni ya kukaa muda mrefu. Nafasi tatu zinazofuata ndizo za mtoaji. Hapa ni D<<, yaani Ujerumani; msimbo wake ni herufi moja tu, kwa hiyo alama < zinajaza nafasi zilizobaki. Ndiyo maana wengi husoma "VCD" na kubaki wanashangaa. Ingekuwa Italia ungeona VCITA.

Herufi ya pili kila nchi hujipangia. Viza ya Marekani ya matembezi au biashara huanza VNUSA, na hiyo N si daraja la viza. Daraja, mfano B1/B2, limeandikwa juu.

TZA utaikuta mstari wa pili, baada ya nafasi kumi za mwanzo. Huo ni uraia wako, si mtoaji.