Somo: T iliyofifia kwenye picha ya kipimo, tuisomeje?

Jana usiku mwenzetu wa Likoni alinitumia picha ya kipimo cha ukimwi cha kujipima kwa ufizi. Pale kwenye C pana mstari mwekundu wazi. Kwenye T pana kitu kama alama ya penseli iliyofutwa. Ameniruhusu tuisome hapa.

Hatua ya kwanza: uliza saa. Kijiti alikitia kwenye kichupa cha dawa saa mbili kamili, picha kaipiga saa mbili na nusu. Sawa, kwani aina hii husomwa kati ya dakika 20 na 40. Ukiwahi, T huenda haijatokea. Ukichelewa, usiuamini mstari unaouona. Vipimo vya damu vina muda wake, soma karatasi iliyomo pakitini.

Hatua ya pili: tazama C. Ndiyo inayokwambia kipimo kimefanya kazi. Pasipo C tupa, hata T ikikoza vipi.

Hatua ya tatu: T, alama inayoashiria kuwa huenda virusi vimo. Mstari ukiwapo, hata hafifu, umehesabiwa. Kukoza kwake hakupimi wingi wa virusi. Nilimwomba azime flashi, maana humeza mistari hafifu, akitazame kijiti chenyewe chini ya taa. Ulikuwapo.

Hatua ya nne: hayo bado si majibu. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, 10 kati yao wana virusi, na kipimo hukosea kwa mtu 1 katika kila 100 wasio navyo. Utapata T za kweli 10, na za uongo kama 10 hivi. Kwa hiyo kliniki humtoa damu kidoleni na kumpima upya kwa kipimo cha aina nyingine, kilichoundwa tofauti. Kilichokidanganya cha kwanza ni nadra kukidanganya na hicho. Leo asubuhi amevuka feri kwenda kupimwa.

MASWALI

*Je, akinunua kingine kile kile dukani?*
Kama kuna kitu mwilini kilichokidanganya cha kwanza, kitakidanganya na cha pili. Aende kliniki.

*Mwalimu, mume wangu T haina kitu, ila aliteleza wiki mbili nyuma. Tumepona?*
Bado, dadangu. Kipimo hiki hakitafuti virusi, hutafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Hicho ndicho kipindi cha dirisha: virusi vimo, T haipo, na anaweza kukuambukiza. Mpira utumike, arudie miezi mitatu ikitimia tangu siku ile. Angeniuliza ndani ya saa 72 ningemkimbiza hospitali akapewe dawa za kuzuia maambukizi, yaani PEP.

*Mimi nanywa ARV mwaka wa nne. Nikijipima nisione T, niache?*
La, usiache! Dawa zinaweza kufifisha T mpaka isionekane, na virusi vimo. Kipimo hiki si chako. Wewe muulize daktari kiwango cha virusi.