Kusoma CV ya wakala wa nyumba

Ukiajiri wakala wa nyumba Nairobi, anza CV yake na leseni, ndipo usome sifa nyingine. Bodi ya usajili, EARB, humsajili mtu binafsi, na cheti cha kufanyia kazi huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo "nimefanya kazi kampuni iliyosajiliwa" haitoshi. Omba namba yake na cheti cha mwaka huu.

Halafu idadi ya dili. Tuseme tangazo lako linataka muuzaji wa apatimenti Kilimani, na CV inasema "nimefunga dili 40". Muulize ngapi ni mauzo, ngapi ni kupangisha, na kwa muda gani. Ikiwa 34 ni za kupangisha, mauzo yamebaki 6. Kama ni kwa miaka mitatu, hayo ni mawili kwa mwaka. Uliza pia kama alisimamia mauzo mpaka uhamisho wa umiliki, au alileta mteja tu wakagawana kamisheni.

"Wateja 500" mara nyingi ni namba za simu tu. Mimi huuliza wangapi walirudi kununua tena au walimletea ndugu zao.