Lango la mfereji: maji mangapi yanapita, na kina chake baada ya lango

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kwenye milango ya mifereji ni la kuchukulia kwamba lango likiinuliwa sentimita 10, maji yanayotoka nayo yana kina cha sentimita 10. Sivyo. Maji hujipinda kupita ukingo wa lango na kuendelea kubanwa hadi mbele kidogo, umbali unaokaribia ule wa uwazi wenyewe. Kwa lango lililosimama wima, lenye ukingo mkali, kina pale yanapobanwa zaidi ni takriban asilimia 61 ya uwazi.

Hesabu yenyewe ni hii, ambapo Q ni kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde, a ni uwazi, b ni upana wa lango, y1 ni kina upande wa juu, y2 ni kina pale maji yanapobanwa zaidi na g ni 9.81:

```
y2 = 0.61 × a
Q = b × y1 × y2 × √(2g / (y1 + y2))
```

Chukua mfereji wenye upana wa mita 0.60, na lango lenye upana huohuo. Pima y1 hatua moja au mbili kabla ya lango, mahali maji yametulia. Ukipima kwenye mawimbi utajidanganya. Tuseme umepata mita 0.80, na lango limeinuliwa mita 0.10. Basi y2 ni 0.061, na Q inakuwa mita za ujazo 0.14 kwa sekunde, yaani lita 140. Aliyeweka 0.10 mahali pa y2 angepata lita 224, na mkulima wa mwisho wa mfereji angesubiri maji ambayo hayapo.

Lakini hesabu hii ni ya maji yanayotoka huru. Kwa mfano wetu yanatoka kwa kasi ya mita 3.8 kwa sekunde, kisha mbele yanaruka ghafla, yanafanya povu na kupanda. Kina baada ya mruko huo, y3, hupatikana hivi, ambapo v ni hiyo kasi:

```
F² = v² / (g × y2)
y3 = (y2 / 2) × (√(1 + 8F²) − 1)
```

Hapa F² ni 24 na y3 ni karibu mita 0.40. Kama mfereji upande wa chini umejaa zaidi ya hapo, labda kwa magugu au lango jingine lililofungwa, povu linarudi nyuma mpaka kulilalia lango. Utalitambua kwa macho: ule utepe mwembamba wa maji hauonekani tena, na mgongo wa lango unapigwapigwa na maji yanayozunguka. Hapo Q halisi iko chini ya ile uliyoikokotoa. Fyeka magugu kwanza, ndipo upime.

Mruko ukitokea kwenye udongo mtupu, utachimba shimo. Sakafu ya saruji au mawe ivuke mahali povu linapoishia, na ukiona shimo limeanza, lizibe kabla halijafika kwenye msingi wa lango.