Kabla ya kuchagua pete, meshi au haipakyubu: mambo ya kukubaliana kwanza

Ukifungua maelezo yoyote ya mitandao inayounganisha prosesa nyingi ndani ya mashine moja, utakuta jedwali lenye safu tatu: kipenyo, yaani hatua za safari ndefu kuliko zote; uwezo wa mkato, yaani kiasi cha data kinachoweza kuvuka ukiigawa mashine nusu kwa nusu; na idadi ya viungo. Pete, yaani mduara, inaonekana maskini; haipakyubu, yaani mchemraba wa vipimo vingi, inaonekana tajiri; na meshi, yaani wavu wa mistari na safu, iko katikati. Mtu akiliamini jedwali hilo, anabaki akijiuliza kwa nini haipakyubu haionekani ndani ya chipu za leo. Jibu limo katika mambo ambayo mwandishi wa jedwali aliyachukulia kuwa yameshaamuliwa, na hayo ndiyo inafaa uyaweke mezani kabla hujakokotoa chochote.

Anza na idadi ya nodi, kila moja ikiwa prosesa pamoja na swichi inayoelekeza ujumbe wake, na umbo la mtandao. Mimi hutumia 64, kwa sababu ina mifano miwili ya kweli. Cosmic Cube, mashine iliyojengwa katika chuo kikuu cha Caltech huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na nodi 64, kila moja ikiwa na prosesa ya Intel 8086, zikiwa zimeunganishwa kama haipakyubu ya vipimo sita. Mwaka 2007 kampuni ya Tilera ikatangaza TILE64, chipu moja yenye prosesa 64 zilizopangwa kwa meshi ya 8 kwa 8. Idadi ni ile ile, uamuzi ni tofauti kabisa. Ukisema "meshi ya nodi 64" taja umbo: ya 8 kwa 8 ina kipenyo cha 14 na mkato wa viungo 8, lakini ya 4 kwa 16, ambayo wakati mwingine hulazimishwa na nafasi kwenye kabati, ina kipenyo cha 18 na mkato wa viungo 4 tu. Umepoteza nusu ya uwezo wa mkato bila kuondoa hata nodi moja.

Jambo la pili ni namna ya kuhesabu viungo, na hapa ndipo ninapowaona wanafunzi wakibishana bure. Kiungo kimoja kinachopitisha data pande zote mbili, wewe unakihesabu kimoja au viwili? Na waya unaotoka kwenye prosesa kwenda kwenye swichi yake unaingia kwenye hesabu au hauingii? Vitabu havikubaliani. Kwa meshi yetu ya 8 kwa 8, ukihesabu viungo kati ya swichi na swichi tu unapata 112. Ukiongeza waya wa kila prosesa kwenda kwenye swichi yake, unapata 176. Yote mawili ni sahihi. Kosa ni kuchukua 112 ya meshi kutoka kitabu kimoja na kuilinganisha na 256 ya haipakyubu kutoka kitabu kingine. Hapa tutahesabu viungo vya swichi kwa swichi tu, na kiungo cha pande mbili ni kimoja:

```
         viungo        kipenyo   mkato   (N = 64)
pete     N             N/2       2       64,  32, 2
meshi    2k(k-1)       2(k-1)    k       112, 14, 8
haipa    N*log2(N)/2   log2(N)   N/2     192, 6,  32
k = mzizi wa N, hapa 8
```

Kipenyo ni njia fupi iliyo ndefu kuliko zote: kati ya nodi mbili zilizoachana mbali kabisa, ujumbe unapiga hatua ngapi? Usiikariri fomula kabla hujatembea na kidole. Chukua nodi namba 5 na namba 52. Kwenye pete, kuzunguka upande mmoja ni hatua 47, upande wa pili 17, basi ujumbe unapita wa 17. Kwenye meshi iliyopewa namba mstari kwa mstari, namba 5 iko mstari wa 0 safu ya 5, na 52 iko mstari wa 6 safu ya 4, kwa hiyo hatua sita za kushuka na moja ya pembeni, jumla 7. Kwenye haipakyubu unaandika namba kwa biti: 5 ni 000101 na 52 ni 110100. Nodi mbili ni majirani ikiwa zinatofautiana biti moja tu. Hizi zinatofautiana biti tatu, kwa hiyo hatua ni 3. Njia yenyewe ndiyo hiyo hiyo: geuza biti moja, kisha nyingine, kisha ya tatu, umefika.

Uwezo wa mkato nao unataka uangalifu. Unaigawa mashine nodi 32 kwa 32, unahesabu viungo ulivyovikata, na unatafuta mgawanyo unaokata viungo vichache kuliko migawanyo yote. Neno "vichache" ndilo linalosahaulika. Ukiigawa meshi kama ubao wa draftsi, weusi huku na weupe kule, unakata viungo vyote 112, na hapo hujapima mkato. Tunatafuta mahali pembamba zaidi, kama shingo ya chupa. Kisha zidisha idadi hiyo kwa uwezo wa kiungo kimoja, ndipo upate kiasi cha data kinachoweza kuvuka kwa wakati mmoja.

Na uwezo wa kiungo kimoja ni kiasi gani? Swali hili ndilo linalopindua jedwali, na ndilo ningekuomba ukae nalo kuliko yote.

Jedwali linachukulia kwamba kiungo cha pete ni sawa na kiungo cha haipakyubu. Lakini nodi ya pete ina viungo 2, ya meshi ina 4, na ya haipakyubu ya 64 ina 6. Chipu ina pini za kuhesabika. Tuseme kila nodi ina pini 48 za kutolea data na nyingine 48 za kupokelea. Kwenye pete kila kiungo kinapata waya 24, kwenye meshi 12, kwenye haipakyubu 8. Ujumbe wa biti 480 basi unamalizika kupita kwenye kiungo kimoja cha pete kwa mapigo 20 ya saa, cha meshi kwa 40, na cha haipakyubu kwa 60. Tuseme pia kila swichi inachukua mapigo 2 kuamua njia.

Sasa uliza ujumbe unasafirije. Mashine za kwanza zilikuwa za kupokea na kuhifadhi: nodi inasubiri ujumbe wote ufike, inauweka kwenye kumbukumbu, ndipo inautuma mbele. Hapo kila hatua inalipa gharama yote upya. Kwa njia ndefu kabisa, pete inatumia 32 mara 22, yaani mapigo 704. Meshi 14 mara 42, ni 588. Haipakyubu 6 mara 62, ni 372. Haipakyubu imeshinda wazi, hata kwa viungo vyembamba. Ukitazama enzi hiyo, huwezi kuwalaumu waliojenga Cosmic Cube, wala Intel walipotoa mashine yao ya iPSC mwaka 1985 kwa umbo lile lile.

Katikati ya miaka ya 1980, hapo hapo Caltech, William Dally na Charles Seitz walifanyia kazi njia nyingine: kichwa cha ujumbe kinapita swichi moja baada ya nyingine, na mwili unafuata nyuma kama mnyoo shimoni, bila kusubiri kukusanyika popote. Sasa gharama ya upana inalipwa mara moja tu. Pete: 32 mara 2, ongeza 20, ni 84. Meshi: 14 mara 2, ongeza 40, ni 68. Haipakyubu: 6 mara 2, ongeza 60, ni 72. Meshi imepita mbele. Na hiyo ni safari ndefu kabisa. Kwa safari ya wastani, ambayo ni hatua karibu 16 kwenye pete, zaidi kidogo ya 5 kwenye meshi na 3 kwenye haipakyubu, unapata takriban 52, 50 na 66. Haipakyubu yenye kipenyo kidogo kuliko zote imekuwa ya mwisho! Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Intel wenyewe, katika mashine yao ya Paragon, walihamia kwenye meshi.

Kabla hujaifuta haipakyubu, pima na foleni. Hesabu hizo ni za ujumbe mmoja kwenye mtandao mtupu. Tuseme kila nodi inatuma ujumbe kwa mwenzake wa nusu ya pili, wote kwa pamoja. Kila upande unavusha jumbe 32, yaani biti 15,360. Mkato wa pete una viungo 2 vya waya 24, biti 48 kwa pigo, kwa hiyo hauwezi kumaliza chini ya mapigo 320. Meshi ina 8 mara 12, biti 96, mapigo 160. Haipakyubu ina 32 mara 8, biti 256, na mapigo 60 yanatosha. Kwa hiyo jua kwanza programu yako inazungumza vipi. Kama kila nodi inaongea na jirani zake wanne tu, mkato mpana ni fedha iliyolala. Kama wote wanabadilishana na wote, kipenyo kitakuambia machache sana. Dalili yenyewe utaiona kwenye vipimo: ukiongeza jumbe na muda wa kufika ukapanda ghafla huku viungo vingi vya pembeni vikiwa vitupu, umegota kwenye mkato, na kupunguza hatua hakutakusaidia.

Kuna hesabu moja ambayo karatasi haiionyeshi, nayo ni urefu wa waya. Chipu na sakafu ni bapa. Meshi inalala juu yake na kila waya unafika kwa jirani wa pembeni. Ukiitandaza haipakyubu ya 64 kwenye viwanja 8 kwa 8, kila mstari wa nodi nane unakuwa mchemraba mdogo wa vipimo vitatu, na kila safu vivyo hivyo. Katika mstari huo nodi ya 0 inaunganishwa na ya 1, ya 2 na ya 4, kwa hiyo waya mmoja unaruka viwanja vinne. Waya mrefu unachelewa, na ukilazimisha saa moja kwa mashine nzima, waya huo ndio unaoipangia kasi.

La mwisho kuuliza ni mashine itakuaje mwakani. Kwenye pete unachomeka nodi moja. Kwenye meshi unaongeza mstari mzima, nodi nane, bila kuigusa swichi iliyopo zaidi ya kuunganisha milango ya ukingoni iliyokuwa wazi. Haipakyubu inakua kwa kujirudia mara mbili tu, kutoka 64 hadi 128, viungo kutoka 192 hadi 448, na kila nodi ya zamani inadai mlango wa saba. Kama swichi uliyonunua ina milango sita, kasha lote la zamani linabadilishwa.