SOMO: Jaribio la kunawa mikono shuleni, na kwa nini watoto 600 hawahesabiki kama 600

Wakuu, wiki hii pekee watu wanne wameniuliza swali lile lile: "Kikokotoo kimenipa watoto 582, mbona msimamizi anasema hawatoshi?" Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mfano wetu: unataka kujua kama vibuyu chirizi na sabuni vinapunguza watoto wanaokosa shule kwa kuugua, angalau siku moja ndani ya muhula. Bila afua ni asilimia 30, na unatarajia ishuke hadi 20.

Hatua ya 1. Kura ipigwe kwa shule, si kwa mtoto. Kibuyu chirizi kikishafungwa nje ya choo, huwezi kumwambia mtoto wa kundi la pili asinawe.

Hatua ya 2. Kokotoa sampuli kama vile kila mtoto angepigiwa kura peke yake. Kwa nguvu ya asilimia 80 na kikomo cha p cha 0.05, ni watoto 291 kila upande.

Hatua ya 3. Ikuze sampuli hiyo. Watoto wa shule moja wanakunywa kisima kimoja, wanatumia vyoo vile vile, na kuhara kukiingia darasa la tatu hakumpati mmoja peke yake. Ukishawapima ishirini, wa ishirini na moja anakuambia machache tu ambayo hukuyajua. Kiasi cha ufanano huo huandikwa ρ. Ukichukua watoto m kila shule, sampuli yako unaizidisha kwa:

```
1 + (m - 1) * ρ
```

Tuseme ρ ni 0.05 na m ni 50. Unapata 3.45. Kwa hiyo 291 inakuwa 1,004 kila upande, yaani shule 21. Ongeza shule moja kwa sababu shule ni chache, zifike 22 kila upande: shule 44, watoto 2,200. Ukiangalia kwa upande mwingine, watoto 50 wa shule moja wana uzito wa kama watoto 14 au 15 waliotoka shule tofauti.

Hatua ya 4. Uchambuzi. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo someni polepole. Tulikuwa na shule 12, sita kila upande, watoto 50 kila shule. Nikawamwaga wote 600 kwenye faili moja, nikafanya kai-mraba, nikapata p ndogo, nikaenda kuwaambia maofisa elimu kwamba afua imefanya kazi. Ripoti ikarudishwa, na ilikuwa haki irudishwe. Namba hizi nimezitunga zifanane na zangu za siku ile. Kila moja ni sehemu ya watoto waliokosa katika shule moja:

```
afua    <- c(.12,.16,.18,.22,.28,.30)
kawaida <- c(.14,.22,.26,.32,.36,.44)
t.test(kawaida, afua, var.equal=TRUE)
```

Wastani ni asilimia 21 dhidi ya 29. Kai-mraba ya watoto 600, bila masahihisho ya Yates, inatoa p ya kama 0.02. Hiyo amri ya R hapo juu, inayolinganisha shule 12 kama vitu 12, inatoa p ya kama 0.16, na tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya pointi −3.6 na 19.6. Data ni ile ile. Tazama safu ya `kawaida`: shule moja ina asilimia 14, nyingine 44, na hakuna hata moja iliyopewa sabuni. Shule zenyewe zinapishana kiasi hicho, na kai-mraba haioni hilo kwa sababu haijui kwamba kuna shule.

ONYO: kuwa na sampuli kubwa hakukuokoi na uchambuzi mbovu. Hata ukiwa na shule 44, ukiwachambua watoto kama hawana shule, p yako ni ya uongo.

ONYO la pili: ukiwa na shule nyingi unaweza kutumia `glmer(kakosa ~ kundi + (1|shule), family=binomial)`. Zikiwa sita kila upande, baki na wastani wa kila shule. Modeli hizo zikipewa shule chache hutoa p ndogo kuliko inavyostahili.

---

Kijana_wa_Data: Mkuu, nina shule 10 kila upande, siwezi kupata nyingine. Si nichukue tu watoto wote wa kila shule?

Mwandishi: Haitoshi. Zidisha 291 kwa 0.05, unapata 14.6. Chini ya shule 15 kila upande hata ukipima watoto elfu kila shule hufiki. Watoto 100 kila shule wanakushusha kutoka shule 21 hadi 18 tu. Watoto 500 wanakushusha hadi 16.

Kijana_wa_Data: Sasa nifanyeje? Nipe sampuli nitakayoandika.

Mwandishi: Hatua ya 3 iko hapo juu. Weka namba zako.

Nshomile2: Shikamoo kaka. Mbona utafiti wa Mikono Safi kule Kagera ulitumia shule 16 tu?

Mwandishi: Marahaba, swali zuri. Wao walikuwa wanapima minyoo tumboni, si kukosa shule. Kila kipimo kina ρ yake na tofauti yake inayotarajiwa, ndiyo maana usikope idadi ya shule kutoka utafiti wa mwenzio. Watafiti wa Cairo waliopima mafua walitumia shule 60. Ukiwa na shule chache, pima kabla ya kuanza: mahudhurio ya muhula uliopita ya kila shule ukiyaingiza kwenye uchambuzi, tofauti za asili kati ya shule zinapungua na unaiona afua vizuri zaidi.

Nshomile2: Na ρ yenyewe naitoa wapi?

Mwandishi: Tafuta tafiti za shule zilizopima kitu kile kile, kisha kokotoa kwa ρ mbili tatu. Ya majaribio madogo ya shule nne usiiamini, inayumba mno. Na uwe mwangalifu: kunawa mikono kwenyewe mara nyingi kuna ρ kubwa kuliko ugonjwa, kwa sababu mwalimu mkuu mmoja akikazia, shule nzima inanawa.

Mtafiti_Mkongwe: Sisi tumefanya kai-mraba miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Mwandishi: Nami sikulalamikiwa hadi siku ripoti iliporudishwa. Endesha ile amri ya mistari mitatu kwa data yako, kisha tuzungumze.

Mama Kulwa: Shule zangu hazilingani, moja ina watoto 200, nyingine 1,100.

Mwandishi: Dada, chagua kwa kura watoto 50 kila shule na tatizo hilo linaisha. Ukichukua wote, tofauti ya ukubwa wa shule inakula sampuli, itabidi uongeze shule.

Mama Kulwa: Asante. Mimi nilikwamia kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu anatia tiki darasa zima saa mbili asubuhi, hata mtoto aliyelala nyumbani anahara.

Mwandishi: Daftari hilo usilitegemee. Mtu wako aende bila taarifa, aite majina mwenyewe, siku ile ile ya wiki kwa shule zote. Siku ya gulio kila shule inakuwa tupu.

Fundi_Kibuyu: Na sabuni? Kwetu zinaibwa siku ya pili.

Mama Kulwa: Yeyusha ya unga kwenye chupa ya maji, toboa kizibo, ifunge kwa kamba. Hakuna anayeibeba nyumbani.