Kulisoma winda la mtoto anayenyonya: manjano, kijani na cheupe

Kituoni kwetu Pemba, wiki haipiti bila mzazi kuniletea winda alilolifunga kwenye kipande cha kanga, akaniambia mtoto anaharisha. Nikilifungua nakuta choo cha manjano, laini, chenye chembechembe: hicho ndicho choo cha mtoto mzima anayenyonya maziwa ya mama peke yake. Na mara chache sana huja mwingine ambaye winda lake ndilo la kutisha, lakini yeye mwenyewe hana habari, kwa sababu choo kimetulia na hakinuki. Nataka uweze kuwatofautisha wawili hawa ukiwa nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Tazama choo kikiwa kibichi, na utazame kwa mwanga wa mchana

Sogea mlangoni au toka uani. Taa ya umeme yenye mwanga wa manjano na taa ya mafuta zote zinadanganya: choo cheupe kinaonekana cha manjano. Tumia winda jeupe, si kipande cha kanga chenye maua. Na usingoje. Choo cha manjano kikipigwa na upepo saa moja au mbili hugeuka kijani chenyewe, kwa hiyo winda lililolala kwenye beseni toka usiku halikwambii kitu. Kama unatumia nepi za dukani, jua kwamba zinanyonya maji yote, na choo kitaonekana kizito kuliko kilivyotoka.

Hatua ya 2: Hesabu siku tangu kuzaliwa

Rangi ya choo cha mtoto inatokana na nyongo. Ini linatengeneza nyongo, nyongo inapita kwenye mrija mwembamba mpaka kwenye utumbo, na huko ndiko choo kinakopata rangi yake. Ukilishika hili, mengine yote utayaelewa.

Choo cha kwanza ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami, na ni kazi kukifuta. Kinatakiwa kitoke ndani ya saa 24. Zikifika saa 48 hakijatoka, mpeleke mtoto hospitali, hasa kama tumbo limevimba au anatapika kijani. Siku ya 3 na ya 4 choo kinaanza kulegea na kuwa na rangi kati ya kahawia na kijani. Hiyo ni dalili kwamba maziwa yanaingia na yanausukuma ule weusi nje. Kufikia siku ya 5 kiwe kimeshageuka manjano. Mtoto wa siku 5 ambaye bado anatoa choo cheusi mara nyingi hapati maziwa ya kutosha, na ningependa nimwone akinyonya siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Jua manjano ya sawasawa yalivyo

Fikiria urojo mzito wa bizari ulionyunyiziwa ufuta. Maji yake ni ya manjano, pengine yanaelekea rangi ya embe, na ndani mna chembe ndogo nyeupe au za manjano mpauko. Chembe hizo ni maziwa na mafuta yaliyogandana ambayo tumbo halijamaliza kuyasaga. Si minyoo, wala si chango. Harufu yake ni ya maziwa yaliyochachuka kidogo, na huwezi kuiita uvundo.

Kinachowatisha wazazi ni jinsi choo hiki kinavyolala kwenye winda la kitambaa. Maji yake yanazama kwenye kitambaa na kuacha duara pana la manjano, na katikati zinabaki zile chembe tu. Ukitazama duara lile unasema huyu anaharisha. Kisha mtoto anakitoa kwa kishindo, pengine kila akimaliza kunyonya, na wasiwasi unazidi. Lakini katika wiki za mwanzo mara 3 mpaka 4 kwa siku ndicho kiasi cha chini tunachokitarajia, na mara 8 au 10 si ajabu. Nimekuta watoto wa namna hii wanapewa maji ya mchele "kulifunga tumbo". Yale maji yanajaza tumbo lisilo na nafasi, mtoto ananyonya kidogo, maziwa ya mama yanapungua. Tatizo ambalo halikuwapo ndiyo linaanza hapo.

Baada ya wiki 6 hivi mambo yanaweza kugeuka kabisa. Mtoto yuleyule anakaa siku 3, pengine hata wiki, bila choo. Kama kikija ni laini, anakojoa vizuri na uzito unapanda, hajafunga choo. Kufunga choo ni pale kinapokuwa kigumu kama punje za mbuzi. Lakini kwa mtoto wa wiki 2, kukaa siku nzima bila choo kunanifanya nimpime uzito kwanza.

Hatua ya 4: Kuharisha kwenyewe

Usimlinganishe mwanao na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa jana. Kuharisha ni mabadiliko ya ghafla: choo kinakuwa maji matupu, zile chembe hazimo tena, idadi inaongezeka maradufu, na harufu inakuwa mbaya. Kikiwa na makamasi au damu, au mtoto ana joto la 37.5 au zaidi, au hataki titi, usingoje asubuhi. Tazama pia utosi kama umebonyea, mdomo kama umekauka, na mawinda ya mkojo kama yamepungua. Baada ya siku ya 5 tunataka yafike 6 au zaidi kwa siku. Njiani endelea kumnyonyesha. Chumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki utapewa kituoni kwa kipimo chake, na kwa mtoto wa chini ya miezi 2 usivianze kwa kukisia.

Hatua ya 5: Kijani

Kijani ni nyongo iliyopita haraka kabla ya kugeuka manjano. Mara moja moja, mtoto akiwa mchangamfu, mwache. Kama ni kijani chenye povu kila siku, na maziwa yako ni mengi, yamkini unamhamisha titi kabla hajalimaliza la kwanza. Mwachie mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Kijani kinachonitia wasiwasi ni kile kidogo sana, kama doa la mchicha, kwa mtoto mwenye mkojo haba. Huyo ana njaa, na dawa yake ni kumrekebisha namna anavyolishika titi. Dawa ya chango haitamshibisha.

Hatua ya 6: Nyekundu na nyeusi

Hapa rangi si ya nyongo tena, ni ya damu. Jichunguze chuchu kwanza. Kama zimepasuka, mtoto huenda amemeza damu yako, na choo kinaweza kuwa na weusi. Doa la damu kwenye winda la mtoto wa kike katika siku za kwanza aghalabu linatoka ukeni na linakwisha lenyewe. Doa la rangi ya tofali siku ya 2 au ya 3 huwa ni mkojo mzito, na likiendelea baada ya hapo, mtoto hanyonyi vya kutosha. Ukiacha hayo, damu yoyote kwenye choo, au choo kuwa cheusi tena baada ya kuwa manjano, mpeleke akaonwe siku hiyohiyo, na winda lenyewe uende nalo.

Hatua ya 7: Cheupe

Choo kikiwa cheupe, cha rangi ya chokaa, cha kijivu, au cha manjano yaliyofifia kama muhogo wa kuchemsha, maana yake ni kwamba nyongo haifiki kwenye utumbo. Watu wengi wanasema "ni maziwa tu, anakunywa cheupe anatoa cheupe". Si kweli. Maziwa ni meupe na bado choo kinatoka cha manjano, kwa sababu nyongo inakitia rangi. Ugonjwa tunaouhofia hapa ni kuziba kwa mirija ya nyongo, ambao mtoto anaweza kuzaliwa mzima, ana uzito mzuri, kisha ukajionyesha katika wiki za mwanzo.

Nilimpata mmoja wa siku 26. Mama yake alikuja kumpima uzito, na bibi yake amemsindikiza. Uzito ulikuwa unapanda. Nilimuuliza choo chake kikoje, bibi akadakia: "Kizuri, mwanangu. Mwanzo kilikuwa cha manjano, sasa kimetakata, hata winda halishiki doa." Neno "kimetakata" lilinifanya niombe kuliona winda. Nikatoka nalo barazani. Lilikuwa na choo kama unga wa muhogo uliorowekwa, hakina hata tone la manjano. Kando yake winda la mkojo lilikuwa na doa la manjano iliyokolea kama chai ya rangi. Mambo yamegeuka: mkojo wa mtoto mchanga unatakiwa usiwe na rangi, na choo ndicho kiwe nayo. Nyongo iliyokosa njia ya utumbo ilikuwa inatokea kwenye mkojo.

Nikamwinua uso kwenye mwanga na kumfungua jicho taratibu. Weupe wa jicho ulikuwa manjano. Mama akasema wameliona hilo tangu wiki ya kwanza, na mahali fulani waliambiwa wamwanike jua la asubuhi litaondoka. Manjano ya wiki ya kwanza kweli kwa watoto wengi huondoka. Lakini yakipita siku 14 hayangojewi na hayatibiwi kwa jua. Mtoto anapimwa damu, na kipimo kitenganishe aina mbili za bilirubini, rangi ya manjano iliyo kwenye damu. Ile iliyokwisha kusafishwa na ini ikiwa juu, tatizo ni njia ya nyongo.

Niliandika barua ya rufaa na kutaja mambo matatu tu: manjano zaidi ya siku 14, choo cheupe, mkojo wa rangi. Bibi akauliza kama haiwezekani wangoje arubaini ipite, mama bado ana mkaja. Nikamwambia, "Bibi, safari hii ina hesabu yake." Upasuaji unaofanyika kwa ugonjwa huu, uitwao Kasai kwa jina la daktari wa Japani aliyeuanzisha, unafanikiwa zaidi mtoto akiwa hajafika siku 60. Kila wiki inayopita nyongo iliyokwama inalitia ini makovu. Tukahesabu pamoja kwa vidole: zimebaki siku 34, na ndani yake kuna meli, vipimo, na kusubiri kitanda. Kesho yake asubuhi walikuwa bandarini Mkoani, mama ameshika barua, na bibi amebeba mawinda mawili aliyoniahidi kwamba hayafui mpaka daktari ayaone.